Kopo la Makaburini

Jina la Makaburini nilitunga mimi, na siku niliyolitunga lilichekesha.

Tulikuwa kidato cha pili, shule ya kata pembeni mwa mji wa Bariadi, upande ule ambao msimu wa pamba nyuzi zinapeperuka hadi darasani na kunasa kwenye nywele, ukitoka shule unafanana na babu yako. Madam wa baiolojia akaingia na makopo matatu ya maziwa ya unga, ameyabandua lebo, akayapanga mezani kama anataka kutupimia karanga. Akasema kuanzia sasa kila Ijumaa kipindi cha mwisho hakuna somo jipya. Madaftari yanafungwa, mabegi yanakaa ukutani, tunajibu maswali ya masomo yaliyopita kutoka kichwani tu.

"Madam, ni mtihani huo?" nikauliza.

"Siyo mtihani. Hakuna maksi."

"Sasa kama hakuna maksi, mateso ya nini?"

"Haya. Jumatatu nilifundisha nini?"

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila wiki madawati mawili matatu yanaandika maswali kwenye vikaratasi, swali mbele, jibu nyuma. Vikaratasi vipya vinaingia kopo la kwanza, ambalo linachotwa kila Ijumaa. Swali ambalo wengi wamelipata linahamia kopo la pili, linachotwa mara mojamoja. Wakilipata tena linahamia la tatu, linakaa huko muda mrefu kabla halijaitwa. Lakini swali la kopo lolote, darasa likilikosa, linarudi la kwanza na kuanza safari upya. Tukishaandika, Madam anasoma jibu palepale, kila mtu anajisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mimi makopo nikayapa majina. La kwanza Wodini, maana humo wagonjwa wanaangaliwa mara kwa mara. La pili Kijijini, unakwenda ukikumbuka. La tatu Makaburini. Hata Madam alizoea, anasema bila kufikiri, "Haya, tuchote moja Makaburini."

Dawati langu nilikaa na msichana mmoja kutoka vijiji vya njia ya Mwanhuzi, amepanga chumba mjini na dada yake. Mkorofi kunizidi, ila yeye alikuwa na akili, kwa hiyo walimu walimwita mchangamfu. Maswali ya dawati letu aliandika yeye, kwa kalamu ya zambarau, na aliyafanya yaongee. Alianza na mkia. Kwanza chini ya kila kikaratasi anaandika "Mimi ni nani?", anavipanga vyote, ndipo anarudi kujaza juu, kisha ananisomea kila kimoja, anapandisha sauti na kusita kabla ya mkia. Nakumbuka moja: "Mimi ni ateri, lakini nabeba damu isiyo na oksijeni. Mimi ni nani?" Nyingine ilihusu jani: "Dada yangu anasubiri jua, mimi nafanya kazi mchana na usiku. Mimi ni nani?" (Baiolojia kwetu ni kwa Kiingereza. Naandika Kiswahili hapa ili tusiumie wote.)

Maswali yake yalipendwa, yakajibiwa haraka, yakahamia Kijijini, yakafika Makaburini kabla ya yote.

Likizo ya mwezi wa sita akaenda kwao. Akashikwa homa. Hakurudi.

Tulipofungua shule dawati langu lilikuwa na nafasi moja wazi na hakuna aliyetaka kuikalia. Nyuzi za pamba zikawa zinatua pale, hasa pale, au labda ni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzipangusa. Kila nikiandika, ubao wa kiti upande ule ulilia kidogo. Dawati bovu, najua. Lililia tangu zamani. Lakini zamani lilikuwa na sababu.

Ijumaa ya kwanza Madam alichota Wodini, akachota Kijijini. Kisha akaingiza mkono kopo la tatu. Nadhani hakuwa amefikiria. Alitoa kikaratasi, akaanza kusoma kabla macho hayajaona rangi ya wino.

"Nikiwa nje sina dalili yoyote ya uhai. Nikiingia ndani ya kiumbe hai, naanza kuzaliana..."

Akauona wino. Sote tulijua kinachofuata. Upepo uliinua bati moja juu ya dari, ukaliachia. Na mtu mmoja nyuma, mpaka leo hajasema ni nani, akamalizia kwa sauti ndogo:

"Mimi ni nani?"

"Mayo, mama yangu!" msichana wa mbele akapiga kelele, akaruka dirishani kama mbuzi. Nusu ya darasa wakamfuata, wengine wakatumia mlango. Jibu lilikuwa virusi. Hakuna aliyeandika virusi.

Nje watu waliniangalia mimi.

"Si wewe uliyeita Makaburini?" kiranja akanisogelea. "Haya, umemwita. Mwambie arudi."

"Mwambie wewe, una cheo."

Nilitaka kuongeza utani mwingine, nikauona hautoki.

Jumatatu wazazi wawili walifika shuleni. Mmoja alisema mambo ya masamva, mizimu ya ukoo, kwamba mwandiko wa marehemu hauchezewi. Mwingine ni mlokole, masamva hataki hata kuyasikia, lakini naye alitaka vikaratasi vitoke. Madam akafanya jambo la huruma: akatoa vikaratasi vyote vya zambarau kwenye makopo, akavitia kwenye bahasha, bahasha akaifungia kabatini. Tukapumua. Ijumaa zikaendelea, makopo yakazunguka, nasi tukaanza kujiona wataalamu.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka utaalamu. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ukifeli unarudia darasa. Ila baba alishaniambia mezani, anamenya kiazi, hata hakuniangalia: "Wewe hutarudia. Ukifeli, baba yako mdogo Mwanhuzi anatafuta mtu wa ng'ombe." Baba hatanii. Utani wote wa ukoo nimepewa mimi.

Ukaja mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya wa taifa. Karatasi ya baiolojia ilianza vizuri, maswali ya tangu Januari yananijia yenyewe. Kisha nikafika swali la virusi. Nikajua kwamba najua. Nikaingia kichwani kulifuata, na mahali pake palikuwa wazi. Siyo kusahau kwa kawaida, kule kwa kuhangaika na herufi ya kwanza. Palikuwa pamefagiliwa. Nikaruka, nikakutana na ile ateri. Pamefagiliwa. Nikainua kichwa kumwangalia kiranja, ambaye hata usingizini anajibu. Alikuwa ameshika kalamu hewani, anaangalia nafasi iliyo wazi kwenye dawati langu.

Baada ya mtihani tulikaa uwanjani, na kimbunga kidogo cha vumbi kikapita katikati yetu bila mtu kusogea.

"Lile la ateri umeandika nini?"

"Sijaandika. Wewe?"

"Mimi pia."

"La jani usiku?"

Vichwa vikatikiswa. Tulikuwa kama watu wa nyumba iliyoibiwa, kila mmoja anataja kilichopotea chumbani kwake, na kila kilichopotea kilikuwa kimeandikwa kwa zambarau.

"Kaondoka nayo," msichana wa dirishani akasema.

Sikucheka. Nilianza kuhesabu ng'ombe.

Madam alirudisha karatasi zetu akiwa mpole, jambo lililotutisha zaidi ya fimbo. Alikuwa ameona yaleyale: darasa zima, wenye akili na sisi wengine, tumeanguka mahali pamoja. Akafungua kabati, akaweka bahasha mezani.

"Hakuna mtu aliyeondoka na kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyeviondoa. Vingine vya miezi ileile vilibaki kwenye kopo, vikaitwa, mkavitafuta kichwani, mkavipata. Hivi hamkuvitafuta tena. Kitu kisichotafutwa kinazama."

"Lakini Madam, daftarini tumevisoma," kiranja akalalamika. "Mimi nimesoma mara nyingi."

"Ukisoma unakitambua, kama mtu unayempita barabarani. Kumchora bila kumwona ni kazi nyingine." Akagusa bahasha. "Vinarudi Wodini leo. Nani atasoma?"

Bati likainuka, likatua.

"Huyu hapa," kiranja akasema, ananisukuma. "Si anacheka hata msibani."

Nilikwenda mbele kwa sababu ya ng'ombe wa Mwanhuzi, sina ushujaa mwingine wa kusimulia. Nikaingiza mkono kwenye bahasha. Karatasi zilikuwa baridi, kabati lenyewe ni la chuma. Nilipanga kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira ili watu wacheke. Nikasoma la kwanza, na sauti iliyotoka ilipanda pale marehemu alipokuwa anapandisha, ikasita pale alipokuwa anasita kabla ya mkia. Sikuiga. Najua ninavyoiga. Darasa lilikuwa limeinamisha vichwa, na kalamu zikaanza, moja, halafu nyingine. Wengi walikosa. Kalamu nyekundu zikapita. Vikarudi kopo la kwanza.

Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na seti aliyoikabidhi marehemu kabla ya likizo, ambayo Madam hakuwa ameipanga kwenye makopo, akaitia humo pamoja na vingine. Nikatoa cha mwisho. Juu hapakuwa na kitu. Nyuma hapakuwa na kitu. Chini, kwa zambarau: "Mimi ni nani?"

Niliwaza kukificha. Lakini mdomo wangu haujawahi kuficha kitu, ukasoma.

Hakuna aliyekimbia. Yule msichana wa dirishani alianza, akataja jina kamili la marehemu, na la baba yake, kama mwalimu wa zamu anavyoita mahudhurio. Tukarudia wote. Kiti cha dawati langu kikalia, nami nilikuwa nimesimama mbele ya darasa, mbali nacho.

Madam alikichukua kile kikaratasi mkononi mwangu. "Wamepata," akasema, kama anamwambia mtu. "Kianzie Wodini kama vingine."

Ijumaa kwa Ijumaa vilizunguka. Ateri ikahamia Kijijini, lile jani likafuata. Virusi vilirudi mara mbili kabla havijakubali. Kwenye mtihani wa taifa vilikuja, na safari hii nilipoingia kichwani nilimkuta mtu amefika kabla yangu, ananisubiri, amekwisha kupandisha sauti. Niliandika tu nilichoambiwa.

Sasa niko kidato cha tatu, na baba yangu mdogo alipata mtu mwingine wa ng'ombe. Makopo tumehama nayo, na lile dawati langu pia. Wino wa zambarau unafifia, Madam akauliza kama tunakili upya, darasa zima likakataa, hata wale waliotoka dirishani.

Kile kikaratasi kisicho na swali kilipanda kama vingine na sasa kimefika Makaburini. Huchotwa kwa nadra. Kikitoka, Madam hasomi, anakionyesha tu, nasi tunataja jina. Halafu tunasubiri kidogo kabla ya swali linalofuata, sijui tunasubiri nini, mpaka kiti kilie.