Nani Ataibeba Mgongoni

Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, nilikuwa nauza mashine za kubeba mgongoni za kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, nikizunguka vijiji vya Masasi na Newala kwa baiskeli, mashine ya kuonyeshea nimeifunga kwenye kerieri. Kila mkulima niliyeongea naye nilimpa ukurasa kwenye daftari: alichosema, kinachomtia wasiwasi, na la kumuuliza nikirudi.

"Unauza mashine au unaandika barua za posa?" tajiri wangu alinicheka. Mtu asiyewahi kuupanda mlima wa Newala na baiskeli ana nini cha kunifundisha?

Siku moja nilirudi Mnyambe kwa mama mmoja, nimejiandaa kumpa pole ya kufiwa na mumewe. Kabla ya kufika uani kwake nikasimama, nikafungua daftari nihakikishe. Lo! Aliyefiwa ni mama wa kijiji cha Nanganga. Huyu nilimwandikia: "Bei si tatizo. Mume anaumwa mgongo, nani ataibeba mashine? Kijana wao yuko Chiwata, atarudi kabla mikorosho haijachanua."

Nikainua macho. Mume mwenyewe alikuwa barazani anamenya mihogo, ananipungia mkono. Nikashusha pumzi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje? Na kijana amesharudi kutoka Chiwata?"

Mama alimtazama mumewe, kisha akanisogezea kigoda.

"Wenzako wakirudi hapa wanauliza kama tumepata pesa," alisema. "Kaa, mwanangu. Kijana yuko nyuma, namwita aje aivae hiyo mashine."