Kastabini ya Maalimu Iliponyamaza

Tik, tik, tik. Mpaka leo naisikia kastabini ya Maalimu, kile kikofia cha chuma ambacho fundi wa nguo anakivaa kidoleni. Asubuhi alishona, mchana alitufundisha Kiarabu sisi wanawake wa msikiti, bila kuivua. Ukinyambua kitendo, yaani ukikipitisha kwa mimi, wewe, yeye na wengine, kila neno lililo sawa anagonga meza mara moja. Ukikosea hasemi kitu. Kastabini inanyamaza tu.

Siku ya egzamen, mtihani wa Maalimu, nilitaka kitu kimoja: kufundisha darasa la wamama kule Bagira. Magoti ya Maalimu yalikuwa yamechoka na safari, akasema atakayenyambua vitendo vyenye herufi dhaifu, zile alifu, wawu na yaa zinazogeuka ao kudondoka, wakati uliopita na uliopo, bila daftari, ndiye ataenda badala yake. Mimi shule niliiacha mapema. Lakini nilijua nitaweza. Nilikuwa nanyambua nikipika, nikifua, hata nikichanwa nywele.

Tukaanza na qaala, maana yake “alisema”. Nilipofika kwa “mimi” nikatoa qultu. Tik. Ile alifu ya katikati inadondoka, kwa herufi ya mwanzo inakaa u, kama ya yaquulu, “anasema”. Baa'a, aliuza: bi'tu, maana anauza ni yabii'u. Tik. Nikaingia ramaa, alirusha, yenye udhaifu wake mwishoni: wao ramaw, mimi ramaytu, ile yaa imerudi nyumbani, anarusha yarmii, wanarusha yarmuuna. Tik, tik, tik. Nikaanza kuiona Bagira.

“Naama,” akasema Maalimu. Maana yake “alilala”.

Analala ni yanaamu. Basi nikapiga hesabu yangu: penye u ilibaki u, penye i ilibaki i, hapa iko a.

“Namtu!”

Kimya.

“Huyu amelala yeye mwenyewe!” akasema rafiki yangu wa benchi, na wamama wote wakacheka. Nikacheka nao, huku machozi yako karibu.

“Maalimu, muniachie nirudilie.”

“Rudilia. Lakini usibahatishe, mutoto yangu. Uniambie inatoka wapi.”

Nikafumba macho. Kabla ya alifu, asili yake ilikuwa nawima. Wawu ya katikati ilibeba i. Wawu ikianguka, i yake haipotei, inahamia kwa nuni ya mwanzo.

“Nimtu, Maalimu.”

Tik.

“Wanawake wengi, walilala?”

“Nimna.”

“Wanalala?”

“Yanamna.”

Tik, tik. Akashika sindano yake tena, kama vile hakuna kilichotokea.

“Utaenda Bagira. Na wale wamama wakikosea, usiwacheke.”

“Apana, Maalimu. Siwezi kuwacheka.”

Rafiki yangu akanifinya mkono mpaka nikalia kweli.

Jumamosi nilifika Bagira kabla ya wote. Chumba kitupu, benchi nne, ubao mmoja. Nikaandika naama kwa chaki, nikaifuta alifu kwa kidole, nikaiweka ile i chini ya nuni, nikamalizia nimtu. Halafu nikatoa kalamu yangu ya bic mfukoni, nikagonga meza mara moja.