Baadhi ya Sala

Kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu somo ambalo ndugu zangu hawajawahi kulielewa, na nimeshachoka kuwaelewesha. Kila Idi kuna mtu ataniuliza, "Hivi wewe unafundisha nini hasa?" Nikijibu, "Nafundisha mtu anasema nini na anamaanisha nini," wanacheka. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye mkali zaidi: "Yaani serikali inakulipa kwa umbea!" Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini kwa hili nimezoea.

Mwaka ule nilikuwa nazunguka na wanafunzi wangu kwenye maduka ya Kariakoo. Tulikuwa tunawasomea wauzaji sentensi, wao waseme ni kweli au si kweli. Moja ilikuwa hii: "Baadhi ya twiga wana shingo ndefu." Ukiichukua sentensi ilivyo, hakuna uongo ndani yake. Wapo twiga wenye shingo ndefu, basi imetosha. Lakini watu wazima wengi waligoma. "Baadhi? Twiga gani huyo mwenye shingo fupi? Aisee, uongo huo." Wengine walikubali, wakatuangalia kama tumewapotezea muda. Watoto wadogo wa chekechea ndio walioikubali kwa wingi zaidi, bila wasiwasi. Hii "si wote" anayoisikia mtu mzima haimo ndani ya neno "baadhi". Anaiongeza msikilizaji. Anajiambia: huyu angeweza kusema "wote", na asingepungukiwa kitu, kama hakusema, basi si wote. Tunafanya hesabu hiyo haraka kiasi kwamba tunaapa tumeisikia kwa masikio yetu.

Basi nilikuwa katikati ya kazi hiyo wakati binti wa kaka yangu alipoletewa habari ya posa.

Kijana alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na Mtaa wa Msimbazi, na anaishi Magomeni kwa mama yake. Binti yetu alikuwa anafanya kazi famasi, mpole, hana makuu. Alikuwa anamtaka kijana huyo. Hakusema, lakini siku hizo alikuwa anaimba jikoni, na yeye si mwimbaji. Mimi sina mtoto. Huyo binti ndiye wangu, na mtu akimliza ananiliza mimi.

Kwetu posa haipokelewi kabla baba hajakwenda kumuulizia kijana. Na kuulizia kuna adabu yake. Hakuna mtu atakayekwambia wazi kwamba fulani mlevi, maana kuvunja posa ni jambo zito. Atakwambia, "Anapenda kutoka na rafiki zake." Wewe unashukuru, unaaga, na nyumbani unasema: mlevi. Ukiambiwa "si mbaya," ujue pana kasoro. Kaka yangu alikulia humo. Anachoambiwa hukipunguza mara mbili kabla hajafika nyumbani.

Alikwenda kwa mzee mmoja wa Kiarabu anayeuza vitenge, duka lake linatazamana na la kijana. Mzee wa watu, hana neno na mtu. Alasiri ile tulikuwa kwa kaka, ghorofani juu ya soko, mimi na wifi tunachambua mchele, binti yuko jikoni. Kaka akaingia, akavua viatu, akakaa bila kutazama jikoni. Nikajua tu.

"Vipi?" wifi akauliza.

"Mzee kamsifia. Kijana mchapakazi, ana heshima. Nikamuuliza, anaswali? Kaniambia, 'Anakuja msikitini baadhi ya sala.'" Akatugeukia, akasema, "Baadhi. Mmesikia? Sala ni tano, huyu anachagua. Mimi simpi binti yangu mtu wa kuchagua sala. Nitawaambia watafute kwingine."

Jikoni kuimba kukakoma. Bomba likafunguliwa, maji yakamwagika muda mrefu kuliko vikombe vilivyokuwepo. Wifi akaniangalia. Ile hasira yangu ikapanda.

"Kaka, mzee hakusema haswali zote."

"Kasema baadhi!"

"Anayeswali zote pia anaswali baadhi. Hiyo 'si zote' umeiongeza wewe njiani."

"Ebo! Hayo ya darasani kwako hayo. Angekuwa anaswali zote, si mzee angesema zote?"

Kaka yangu asiyelielewa somo langu alikuwa ameeleza kwa sentensi moja kitu ambacho mimi hukifundisha wiki nzima. Alikuwa sahihi, ila hatua moja aliiruka.

"Angesema zote," nikamwambia, "kama angekuwa anajua zote. Ulimuuliza sala zipi anamuona?"

"Sasa nikamuulize mzee wa watu maswali ya polisi?"

"Basi nitakwenda mimi."

"Nenda. Utarudi na habari ileile, lakini ndefu."

Asubuhi nikawaacha wanafunzi waendelee na twiga wao, nikaenda. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anatundika vitenge mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu, kiti hicho." Nikakaa, akaagiza kahawa, tukaulizana za nyumbani kama inavyotakiwa, kisha nikamwambia mimi ni dada wa yule bwana wa jana.

"Alhamdulillahi. Kijana mzuri yule."

"Baba, ulimwambia kaka kwamba kijana anakuja msikitini baadhi ya sala."

"Ndiyo. Adhuhuri na alasiri. Safu ya mbele mara nyingi."

"Na hizo nyingine?"

Akanishangaa. "Nyingine nitazijuaje mimi? Magharibi haijaingia nishafunga, niko njiani naenda nyumbani Upanga. Alfajiri naswali kwetu. Mtu akiniuliza habari ya sala ya mtu nasema niliyoyaona. Nikisema zote, kesho nitaulizwa niliona wapi."

Ikawa imekwisha, kwa maneno ya mtu anayelinda ulimi wake. Mzee hakusema "zote" kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa zote. Kutosema kwake hakukuwa na habari yoyote kuhusu alfajiri ya Magomeni. Kaka yangu alimsikiliza mzee kama mtu anayeficha kasoro kwa adabu, kumbe mzee alikuwa anasema kama shahidi. Wote wawili walikuwa waangalifu, na uangalifu wao ulikuwa unamvunjia mtoto wangu nyumba kabla haijajengwa.

"Baba," nikasema, "kaka ameelewa kwamba kijana hatimizi sala."

Mzee akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah! Mimi nimesema hivyo?"

"Hukusema."

"Duka langu nafunga saa ngapi mtaa mzima unajua. Nilidhani na yeye anajua." Alikuwa amefadhaika kweli, mikono inatafuta kitu cha kushika kwenye vitenge. "Mwambie sikumsema vibaya kijana wa watu. Mwambie leo, mwanangu. Usilale nalo."

Nikarudi kwa kaka mchana uleule, nikawaeleza neno kwa neno. Wifi hakungoja nimalize, akapiga kigelegele. "Kumbe anaswali zote!"

"Sijasema hivyo," nikamwambia.

"Haa?"

"Mzee hajui. Jana tulidhani tunajua kwamba hatimizi, leo tumegundua hatujui. Kutoka hapo huwezi kuruka mpaka 'anaswali zote'. Hilo nalo ni la kuongeza."

Wifi akaniangalia kwa uchungu. "Jamani, wewe uko upande wa nani?"

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, macho yamevimba, na aliponiangalia nilitamani kuwa mwongo japo kwa dakika moja. Sikuweza. Nilijua pia kwamba kama ningempa kaka hiyo "zote", siku moja angeikagua, na mwenye kulipia angekuwa yeye binti. Ndivyo nilivyojiambia. Usiku wa siku hiyo sikuwa na uhakika hata kidogo kama nilifanya la busara au nilikuwa tu mwalimu mkaidi.

Mwisho kaka akasema, "Basi aje mwenyewe. Nitamuuliza mwenyewe."

Kijana akaja Jumapili, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mafuta ya pikipiki hayajatoka yote kwenye kucha. Tulimkaribisha, akanywa chai, akajibu habari za mama yake na za biashara. Kisha kaka akamuuliza bila kuzunguka: sala zake zikoje? Mimi nikashika ukingo wa kiti.

Kijana hakukurupuka. "Mzee, nne sikosi, namshukuru Mungu. Alfajiri inanipita. Si kila siku, lakini inanipita. Najitahidi."

Alipoondoka, kaka akageukia upande wangu na furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. "Si nilisema? Si zote! Nilimsikia mzee vizuri."

"Ulibahatisha," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya chini. "Mzee hakukwambia hilo, hakulijua. Amekwambia kijana mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu anaotaka wampe mke. Angesema zote, nani angemkagua?"

"Baadhi ni baadhi."

Wifi akaanza kukusanya vikombe kwa kelele. Mimi nilikuwa nimeishiwa. Nilikuwa nimebishana mpaka nikaurudisha ukweli mahali pake, na ukweli wenyewe ulikuwa unamwangusha kijana. Niliona posa inakufa pale sebuleni, na mimi nimesaidia kuiua.

Binti akatoka jikoni. Hakuwa analia tena. Alipiga goti karibu na kiti cha baba yake kuchukua sinia, na akiwa chini vilevile, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Baba, naomba unisamehe kwa kuuliza. Wewe unaswali zote?"

Wifi alisimama na kikombe mkononi. Kaka akakohoa. Akavua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena. Aliangalia dirishani, chini kulikokuwa na kelele za watu wa sokoni, kisha akamwangalia mwanawe, ambaye hakuondoa macho.

"Ijumaa sikosi," akasema.

Hakukuwa na haja ya kwenda kwa mzee wa vitenge kuuliza, maana aliyesema ndiye aliyekuwa anajua zote tano za kila siku, na hakuzitaja. Kaka mwenyewe alilisikia jibu lake, nililiona linavyomfikia. Akamshika binti yake kichwani, akaacha mkono pale muda mrefu.

"Mwambie shangazi yako apige simu," akamwambia. "Walete posa."