Laini ya Mama kwenye Simu ya Shemeji

Kazi yangu ni kutoa makontena ya wateja bandarini, Kurasini, na ninajulikana kwa kutopoteza karatasi. Kwa hiyo wakati wa kumpeleka mama India kwa upasuaji wa moyo ulipofika, nilitangaza kwamba mambo yote niachiwe mimi.

Siku tatu kabla, nilinunua mtandaoni eSIM, laini isiyo na kadi, yenye kifurushi cha intaneti cha India. Dereva wa hospitali angepatikana kwa WhatsApp tu tukishatua, na mama hakuweza kusimama zaidi ya dakika kumi. Muuzaji alituma msimbo wa kuskani, ule mraba wa vidoadoa vyeusi, pamoja na maelezo. Maelezo niliyapitia juu juu. Nikaamua kuiweka siku ya safari, kifurushi kisije kikaanza kuliwa mapema. Kumbe chetu kilianza kuhesabiwa kikishika mtandao wa huko, na kuiweka nyumbani mapema ndiyo akili. Msimbo nikautupia kwenye kundi la familia pamoja na tiketi na pasi, kama tufanyavyo na kila kitu, ili usipotee.

Haukupotea. Siku ya safari ukoo mzima ulitusindikiza uwanja wa ndege. Nje ya mlango dada alinifungulia msimbo kwenye simu yake, nikauskani kwa yangu. Simu ikasema umeshatumika.

"Nani kaskani hii kitu?"

Mume wa dada, muuza samaki wa Kunduchi, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mie, shemeji. Nilijua umetutumia sote, ili tumpate mama akiwa huko."

Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa, mbele ya mama mkwe wake. Nikamwamuru aifute. Bahati nzuri, dada alikuwa ameyasoma maelezo: msimbo ni wa simu moja, mara moja tu, na ukiifuta laini hairudi. Nikajaribu kununua nyingine, malipo yakagoma mara mbili. Muda wa kuingia ulikuwa unakwisha.

Shemeji hakubishana. Aliazima hereni ya dada, akabonyeza kitundu cha simu, akachomoa kadi yake, akanipa simu na namba ya siri ya kuifungua. "Chukua. Mama asihangaike."

Tulipotua nilichagua laini mpya ndiyo ibebe intaneti, nikaiwashia roming, ile ruhusa ya kutumia mtandao wa ugenini, ikashika. Namba ya dereva ilikuwa kwenye barua ya hospitali. Alijibu mara moja, akaja na kiti cha magurudumu, mama akakaa kabla miguu haijamwishia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kwenye kundi nikaandika kwa simu hiyohiyo: "Tumefika salama." Majibu yakaja: hongera mkwe, Mungu akubariki, wewe ndiye mtoto.

Hapo aibu ikanishika sawasawa. Nilitaka kumwomba shemeji msamaha bila kungoja, na simu yake nilikuwa nayo mimi. Nikaandika palepale: "Nisamehe. Nilikukosea mbele za watu." Ikatoka kwa jina lake.

Shangazi mmoja akamjibu kwamba amesamehewa.