Pasta na Transfoma

Transfoma ilipotufikia Kitui, nilifungua kwanza kile kisanduku cha ubavuni kinachorekodi mitikisiko ya safari. Karatasi ilikuwa tulivu njia nzima, isipokuwa Jumapili asubuhi, lori likiwa limeegeshwa Kabati. Hapo kalamu ilicheza kama mlevi.

Geji ilionyesha naitrojeni, gesi iliyojazwa tangini kuzuia unyevu safarini, haijavuja. Hata hivyo nilikataa kujaza mafuta ya kupoozea kabla ya kukagua ndani. Tulitoa naitrojeni, tukapuliza hewa kavu, tukapima oksijeni kama inatosha kupumua, nikaingia tangini kukagua. Hakuna kilicholegea.

Ndipo dereva akakumbuka: pasta wa Kabati aliiombea transfoma, akikipiga kofi kile kisanduku kukemea pepo wa moto.

Vipimo vyote vilipopita, pasta alikuja kuombea uwashaji. Nilimkaribisha vizuri, ila nikamwomba aweke mikono mfukoni.