Wizi Usioacha Alama

Jirani yetu wa Somanda, mama Klementina, alikuwa karani wa mahakama miaka kumi na tisa, mpaka alipopunguzwa kazi. Alirudi nyumbani na taipureta yake. Sasa ndio anatafsiri barua na mikataba pale barazani kwake, na kampuni binafsi zilivyoanza kuja Bariadi na karatasi za Kiingereza, hakosi mteja.

Ana tabia moja: akishakusomea, lazima umweleze ulichoelewa. Ukikosea, anaanza upya.

Jumamosi alikuja mzee Shigela, mwenye duka la jumla, na Ngassa, wakala wa bima kutoka Mwanza. Shigela anataka bima mbili, ya moto na ya wizi. Duka ndilo mali yake yote, ng'ombe alishawauza.

"Mwangaluka, mayu," Shigela akamwamkia mama kwa Kisukuma. "Nisomee, lakini usome yote. Huyu kijana anacheka sana."

Mama akasoma, huku akipiga tafsiri kwa taipureta. "Kila hasara, laki moja ya kwanza unaibeba mwenyewe. Haya, nieleze."

"Namlipa Ngassa laki moja."

"Humlipi mtu. Moto ukila mali ya laki tano, watakupa nne. Ukila ya elfu themanini?"

Shigela akamkazia macho Ngassa. "Hawanipi kitu."

"Umepata. Sasa ya wizi. Kama mlango, dirisha, ukuta au paa havina alama ya kuvunjwa, hawalipi."

Ngassa akakohoa. "Mama, andika tu 'wizi wa kuvunja unalipwa'. Si ni kilekile?"

"Si kilekile. Ukiandika hivyo, hili la kutolipwa halionekani."

Shigela akamgeukia mama. Shemeji yake, Salu, hulala dukani na ana funguo.

"Mayu, unamaanisha Salu ni mwizi?"

"Sijamtaja mtu. Nieleze ulichoelewa."

"Na wewe wamekupa ngapi, umchafue shemeji yangu?"

"Elfu mbili, na ni wewe utakayenipa. Nieleze."

Mzee akashusha pumzi. "Mwenye funguo akifungua, akabeba, akafunga... sina changu." Akamgeukia Ngassa. "Jana nilikuuliza hilo. Ulijibuje?"

"Nilisema... kwa kawaida wanaangalia."

"Ulisema nitalipwa. Andika hapa, utie sahihi."

"Siwezi kubadili masharti, mzee."

Shigela akachukua tafsiri. Chini mama alikuwa amepiga: *Hii ni ya kuelewesha. Yenye nguvu kisheria ni ya Kiingereza.*

"Kumbe hata hii haina nguvu!"

"Haina. Ni ya kukujulisha unachotilia sahihi."

Mzee akachukua kalamu, akatia sahihi bima ya moto. Ya wizi akaisukuma kwa Ngassa.

"Hii beba. Mambo ya Salu nitayamaliza nyumbani."

Ngassa alipokuwa akifunga mkoba, alimnong'oneza mama, "Umeniharibia biashara."

"Nimesoma kilichoandikwa," mama akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.