Mwisho wa Mwezi wa Walimu

Nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye simu nzuri. Nilipiga video za harusi hapa Bunia, na maarusi waliochoka niliwafanya waonekane wamelala vizuri. Kwa hiyo yule mama aliponiita dukani kwake Nyakasanza nimtengenezee video za kuvutia wateja, nilikwenda kama mwalimu anayekwenda darasani.

Aliuza pagne, yaani vitenge. Alitoka Butembo na watoto wake katika miaka ile tuliyosema amani imerudi, huku kila mtu akijua kitambulisho chake kiko wapi iwapo atalazimika kukimbia. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa kwa sauti yake angeweza kuwa mama wa mji mzima.

Katikati ya mwezi wa pili alinifungulia mzigo mpya. Zilikuwa pagne za tarehe nane mwezi wa tatu, siku ya wanawake, zenye mwaka wenyewe ulioandikwa kwenye pindo. Kila mwanamke mwenye kazi huitaka mpya, ashone, aivae kwenye gwaride. Tarehe tisa hakuna anayeitazama tena.

“Ikipita tarehe nane, iyi ni ya kubebea batoto ku mugongo,” aliniambia. “Nimetia capital yangu yote ndani. Ikibakia, ninafunga duka, ninarudia Butembo.”

Kisha akanipa agizo. Wateja wake, alisema, ni walimu, wauguzi na watu wa ofisi. Siku nyingi hawanunui hata uzi, halafu wanakuja wote kwa mpigo mmoja. “Video, utaitosha ku fin du mois,” akamaliza. Kutosha, kwa Kiswahili chetu, ni kutoa, na fin du mois ni Kifaransa cha mwisho wa mwezi. Nilielewa vizuri sana, au ndivyo nilivyojiambia.

Tarehe ishirini na nane asubuhi niliitoa. Dakika moja na nusu, muziki, kitambaa kikishuka polepole kama maji. Niliiweka kwenye statut ya simu yake, ile inayojifuta baada ya siku moja, na kwenye makundi yote aliyokuwamo. Pongezi zilimiminika. Wanawake walikuja dukani, wakashika pindo, wakauliza bei, wakasema watarudi. Walionunua walikuwa wawili tu, wote wa ofisi za misaada, ambazo hulipa kabla mwezi haujaisha.

Yaya aliporudi kutoka sokoni akaniuliza kwa nini duka limejaa watu wa kugusa. Nikamwonyesha simu, nikiwa bado natabasamu.

“Nani alikuambia leo iko fin du mois?”

Nikamwonyesha kalenda ukutani. Aliitazama, akanitazama, akakaa juu ya robota la nguo.

“Mudogo yangu, fin du mois ni siku banalipa. Ya balimu aiyafika. Sasa angalia: nani ameona iyi video?”

Nilifungua orodha ya walioitazama. Wanafunzi, binamu zake wa Butembo, na wauza pagne wenzake wote wa barabara ile. Mwalimu hata mmoja hakuwamo. Mwalimu ambaye hajalipwa hana mega, yaani bando la intaneti, na bila mega simu yake ni saa ya ukutani. Nilitaka ardhi inimeze.

“Ifute,” alisema. “Mutu akiona kitu mara tatu pasipo feza, macho yake inashiba. Kisha akipata feza, anaona kama anakuwa nayo tayari.”

Nikaifuta, moyo ukiniuma, kwa sababu ilikuwa video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Kuanzia siku ile nilianza kumfuata nikiwa nimefunga mdomo. Kila asubuhi tulipita mbele ya benki, lakini hakwenda kumuuliza mlinzi. Alikwenda kwa wanawake wanaobadilisha pesa kwenye vimeza vyao, akanunua karanga, akauliza bei ya dola. Mshahara wa serikali huja kwa franka, na aliyelipwa hutafuta dola haraka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo dola ikipanda ghafla asubuhi, walimu wamelipwa. Tarehe moja dola haikusogea. Tarehe mbili vilevile.

Kwenye saa hizo za kungoja alifanya kazi kuliko mimi. Alizunguka kwa mafundi wa kushona, akawaombea wateja wake nafasi kabla wateja wenyewe hawajanunua. Akanifanya nikate video ibaki sekunde ishirini, nyepesi, isile mega. Muziki aliutoa. Badala yake akamweka fundi mmoja aseme, “Ukileta leo, kesho jioni unavala.” Mimi nisingewahi kufikiria kwamba mwanamke aliyechelewa kulipwa haogopi bei, anaogopa cherehani.

Tarehe tatu nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia apunguze bei.

“Mutu hana feza,” alinijibu. “Ukimupunguzia bei, hana feza tu.” Akacheka, akarudi kukunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

Tarehe tano, mwenye kimeza wa kwanza alitaja bei ya dola na yaya akaacha karanga zake mezani. Tukaangalia benki. Foleni ilikuwa imezunguka ukuta, walimu wa mjini na wale wa Djugu waliotoka kwao alfajiri. Nikachomoa simu. Akanishika mkono.

“Ngoja batoke kwanza. Feza ikiwa ndani ya banque, iko ya banque.”

Tulisimama. Jua likapanda. Nilihesabu siku zilizobaki, tatu, na siku za kushona, nikaona hesabu hazitoki. Yeye macho yake yalikuwa mlangoni. Walimu wa kwanza walitoka, wakavuka barabara kwa muuza mega, wakaanza kuinamia simu zao.

“Tosha sasa.”

Nikaituma. Alinieleza njiani, akitembea haraka mpaka nikahema: siku ya kwanza ni ya walimu wa Djugu, kwa sababu hawalali mjini na njia yao haiaminiki jua likishuka. Watanunua wakielekea kwenye magari. Wa mjini leo wanashughulikia unga na karo, wanajikumbuka wenyewe kesho. “Kesho asubui utaitosha tena, mapema, mbele feza aiyaisha.”

Tulipofika dukani, walikuwa wanatungoja. Mmoja alikuwa na simu mkononi, picha ya fundi imesimama kwenye kioo, akauliza yule fundi anakaa wapi. Kesho yake niliirudisha mapema asubuhi, kabla ya kengele ya shule, na saa nane mchana tulikosa mahali pa kusimama. Nimewasikia watu wakiita hiyo bahati. Mimi niliiona ikitengenezwa kwa mkono, nikamvulia kofia.

Tarehe saba mchana mzigo uliisha, na bado watu walikuja. Yaya, sauti imekauka, akaniambia nichukue katoni iliyo nyuma ya robota niandike kwamba pagne zimeisha, niitundike mlangoni.

Niliivuta. Upande mmoja ulikuwa umeandikwa tayari, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa zilizopakwa wino mara mbili zionekane kutoka barabarani: HII DUKA IKO YA KUPANGISHA. Chini yake, kwa herufi ndogo, tarehe tisa.

Nilimtazama. Alikuwa anamwambia mwalimu mmoja pole, pole sana mama, mwaka kesho nitakuwekea yako. Nikageuza katoni, nikaandika kwa upande ule mwingine kwamba pagne zimeisha.